Kufuli la Bweni na Hesabu ya Usiku: Jinsi ya Kuwatoa Wanafunzi Moto Unapozuka

Bweni la Hillside Endarasha Academy, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, liliteketea usiku mmoja wa Septemba 2024 na wavulana 21 wakafa. Siku zilizofuata kila mtu alikuwa na dawa yake. Wapo waliotaka mabweni ya shule za msingi yafungwe moja kwa moja. Wapo waliosema shule zilazimishwe kununua vizimamoto. Wengine, wakishuku mkono wa mtu, walidai ulinzi ukazwe na milango ya mabweni ifungwe barabara zaidi. Madai haya hayaendi pamoja. Mlango unaokazwa usiku ili mwizi asiingie ndio huohuo mtoto anaoukimbilia moshi ukishajaa ndani. Mzazi aliyeyasikiliza yote alibaki hajui amuulize nini mwalimu mkuu siku ya kumpeleka mwanawe shuleni.

Mkanganyiko huu una umri mrefu. Tanzania ilizika wasichana zaidi ya 40 wa Shauritanga, Rombo, mwaka 1994. Ikazika 12 wa Idodi, Iringa, mwaka 2009. Ikazika watoto 10 wa shule ya msingi huko Kyerwa, Kagera, Septemba 2020. Kenya ilipoteza wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, mwaka 2001. Kila mara swali la kwanza lilikuwa nani amewasha au nini kimewasha, na majibu yalitofautiana: Kyanguli ilikuwa petroli iliyomwagwa kwa makusudi, Idodi ulitajwa mshumaa. Swali la pili, la kwa nini waliokuwa ndani hawakutoka, lilipata nafasi ndogo magazetini, ingawa ndilo lenye jibu linalojirudia. Kyanguli bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo.

Uchambuzi huu unashughulikia swali hilo la pili. Utaangalia zaidi bweni lililojaa, usiku, kwa sababu hapo ndipo mpango wa dharura wa shule hupimwa vikali kuliko popote. Darasani mchana watoto wako macho, mwalimu yuko mbele yao na mlango uko wazi. Usiku vitu vyote vitatu havipo.

Muda uliopo

Moto wa bweni una kuni zake tayari. Godoro la sponji likishika huwaka kwa kasi na kutoa moshi mzito mweusi wenye hewa ya sumu, na hewa hiyo ndiyo huua wengi kabla miali haijawafikia. Kati ya vitanda kuna matranka, nguo zilizoanikwa kwenye kamba, vyandarua na daftari. Chumba cha namna hiyo kinaweza kufikia hatua ya kuwaka chote kwa pamoja katika dakika tatu hadi tano tangu godoro la kwanza lishike, wakati mwingine mapema zaidi.

Moshi hupanda kwanza, ukajikusanya chini ya dari, halafu ukashuka. Kwa hiyo anayelala kitanda cha juu cha deka huuvuta kabla ya mwenzake wa chini, mara nyingi akiwa bado usingizini. Bweni lisilo na dari, lenye mabati yaliyo wazi, humpa nafuu kidogo kwa kuwa moshi una nafasi kubwa ya kujaza kule juu. Bweni lenye dari ya chini halimpi nafuu hiyo. Na pale dari moja inapopita juu ya vyumba kadhaa bila ukuta wa kuitenga, moto husafiri juu ya vichwa vya watoto walio chumba cha pili bila wao kujua.

Sasa weka msaada wa nje kwenye hesabu hiyo. Tanzania namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na inapaswa kupigwa mara moja. Lakini vituo vya jeshi hilo viko zaidi mijini, na shule nyingi za bweni ziko vijijini, mwisho wa barabara ya vumbi. Hata gari likitoka dakika ileile, litakuta yaliyoamuliwa katika dakika tano za mwanzo yameshaamuliwa. Wanaoamua ni walio ndani ya uzio: matroni au patroni, mlinzi, mwalimu wa zamu, viranja na watoto wenyewe.

Wanaotaka kufuli na wanaolikataa

Hoja ya wanaofunga mabweni kwa nje haipaswi kudharauliwa. Shule za wasichana zimewahi kuvamiwa usiku. Magodoro na masanduku huibwa. Wanafunzi hutoroka, na anayetoroka anaweza kupata mimba, kupigwa au kufia barabarani. Mzazi akimkabidhi mwalimu mkuu binti yake, anachokabidhi kwanza ni usalama wake dhidi ya watu. Tena mwalimu mkuu huulizwa kuhusu utoro kila wiki, na bodi, na wazazi, na ofisa elimu. Kuhusu moto huenda asiulizwe hadi anastaafu. Mtu yeyote aliyewekwa katika nafasi hiyo ataelekea kwenye kufuli, na hapa ndipo tatizo linapoanzia: hatari ndogo ya kila siku hushinda hatari kubwa ya nadra, kwa kuwa ya kwanza ina watu wa kuilalamikia.

Udhaifu wa hoja hiyo ni kwamba kufuli la nje linaweka uhai wa watu wote kwenye mkono wa mtu mmoja aliyelala mahali pengine. Ili mlango ufunguke, ni lazima asikie, aamke, akumbuke ufunguo uko wapi, akimbie, na akautumbukize kwenye kufuli gizani huku watu wanapiga kelele upande wa pili. Kila hatua huchukua muda, na ukijumlisha unapata dakika zilezile tatu ambazo bweni linazo. Akiwa amekwenda msibani, au ufunguo uko kwenye gauni alilofua jana, hesabu inaishia hapo.

Upande wa pili unasema mlango usifungwe kabisa usiku. Huu ndio msimamo wa mwongozo wa viwango vya usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008: mlango wa bweni usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani, uwe na upana wa angalau futi 5, ufunguke kuelekea nje, uwepo mlango kila mwisho wa jengo na mwingine wa dharura katikati, na madirisha yasiwe na nondo. Kwa upande wa moto, mwongozo huo hauna kasoro. Udhaifu ni kwamba katazo la kufuli peke yake halimpi mwalimu mkuu jibu la mwizi na la mtoro, na sheria inayomwacha mtu na tatizo lake la kila siku huvunjwa kimyakimya. Kufuli hurudi usiku wa kwanza magodoro yanapoibwa.

Kati ya pande hizi mbili wamejitokeza wapatanishi. Baadhi ya shule humpa kiranja wa bweni ufunguo alale nao ndani. Nyingine hutundika ufunguo kwenye kiboksi cha kioo karibu na mlango. Njia zote mbili ni bora kuliko kumwachia matroni ufunguo nyumbani kwake, lakini zina kasoro ya aina moja: zinadai mtoto aliyeshtuka usingizini afanye kazi ya vidole ndani ya moshi. Kiranja naye ni mwanafunzi. Anaweza kuwa wa kwanza kuzidiwa au yuko zahanati usiku huo. Kiboksi nacho kikishavunjwa mara moja na watoro, ufunguo huondolewa na kioo hakirudishwi. Na ikiwa kufuli lenyewe limening'inia upande wa nje, ufunguo ulio ndani hauna maana yoyote.

Ukipima yote haya, njia inayosimama ni ile inayoondoa kazi ya ulinzi kwenye mlango wa chumba cha kulala na kuihamishia kwenye uzio na kwa watu. Mlango ufungwe kwa komeo la ndani, linalosukumwa kwa mkono mmoja bila ufunguo. Mwizi aliye nje hawezi kulifungua. Mtoto aliye ndani anaweza. Pete za kupitishia kufuli upande wa nje ziondolewe kabisa, zikatwe kwa msumeno, kwa kuwa ahadi ya kutofunga haidumu kama uwezo wa kufunga bado upo. Ili mtoro asitoke bila kusikika, kengele ndogo ifungwe juu ya mlango, na mlinzi azunguke kwenye uzio badala ya kukaa getini. Mtoro mmoja mmoja ataweza bado kupita. Hiyo ni gharama ya kweli, na shule inapaswa kuwaeleza wazazi wazi kwamba imeichagua.

Nondo za madirisha zinafuata mantiki hiyohiyo. Kuziondoa zote kwenye bweni la chini lililo karibu na barabara kutakataliwa, na si bila sababu. Lakini fundi wa kuchomelea anaweza kuligeuza dirisha moja katika kila mojawapo ya pande mbili za jengo kuwa fremu yenye bawaba, inayofunguka kwa nje kwa komeo lililo ndani. Dirisha hilo halichukui nafasi ya mlango, kwa sababu watu hupita dirishani polepole sana. Kazi yake ni kuwaokoa wachache waliokatwa na moto upande wao.

Bweni la wasichana 120

Tuchukue bweni la mfano lenye vipimo vinavyoonekana katika shule nyingi. Ni jengo la mita 24 kwa 8, vitanda 60 vya deka, wasichana 120. Lina mlango mmoja unaotumika, wa sentimita 90, unaofunguka kwa ndani. Mwisho wa pili kuna mlango mwingine, lakini umefungwa miaka mingi na mbele yake yamerundikwa magodoro chakavu. Ujia wa katikati ulijengwa kwa upana wa mita moja na nusu. Matranka yaliyowekwa miguuni mwa vitanda yameubakiza nusu.

Mlango wa sentimita 90 hupitisha takriban mtu mmoja kwa sekunde, watu wakiwa wametulia na wanaona. Kwa hiyo wasichana 120 wanahitaji dakika mbili kupita, baada ya wa kwanza kufika. Ongeza kuamka. Watoto na vijana hulala fofofo, na kelele moja haiwaamshi wote. Dakika moja ya kuamshana ni makadirio ya huruma. Tumefika dakika tatu na hakuna kosa lolote lililotokea. Kosa linalotarajiwa zaidi ni la mlango wenyewe: kwa kuwa unafunguka kwa ndani, wasichana 10 wa kwanza wakishaubana kwa miili yao hauwezi kuvutwa, na kila anayekuja nyuma anaukaza zaidi. Na ikiwa moto umeanzia kwenye kitanda kilicho karibu na mlango huo, hakuna hesabu ya kufanya.

Sasa badili mambo machache. Magodoro chakavu yatolewe na mlango wa pili ufanye kazi. Milango yote miwili ipanuliwe hadi mita moja na nusu na bawaba zigeuzwe ili ifunguke kwa nje. Matranka yasukumwe chini ya vitanda. Kila mlango sasa unabeba wasichana 60 na kuwapitisha kwa sekunde zisizofika 45. Lakini faida kubwa ya mlango wa pili haiko kwenye kasi. Iko katika ukweli kwamba moto mmoja hauwezi kuanzia kwenye ncha zote mbili za jengo kwa wakati mmoja, kwa hiyo popote unapoanzia, upande mmoja unabaki kuwa njia. Ndiyo maana milango miwili iliyo ukuta mmoja, inayoonekana sana kwenye mabweni yaliyokuwa madarasa, haihesabiki kuwa miwili.

Msongamano unaingia hapa kwa njia mbili. Kila kitanda kinachoongezwa kinaongeza mtu kwenye foleni ya mlango, na pia kinakula ujia unaofikisha foleni hiyo mlangoni. Bweni hili likipokea wanafunzi 30 zaidi ya nafasi zake, halijaongeza robo tu ya hatari, kwa sababu ujia ukishafika upana wa bega moja, anayeanguka huwazuia wote walio nyuma yake. Bweni lililozidi watu linaweza kuokolewa kwa milango mipya hadi kiwango fulani. Ukishaona vitanda vimewekwa kwenye ujia au kuziba mlango wa pili, umeshapita kiwango hicho, na hakuna mpango wa karatasi utakaofidia.

Kazi ya kila mtu

Mipango mingi iliyobandikwa kwenye kuta za ofisi imeandikwa kana kwamba moto utazuka saa nne asubuhi: mwalimu mkuu ataamuru, makamu atapiga simu, mwalimu wa michezo atasimamia uwanja. Saa nane usiku watu hao wako majumbani kwao. Kwa hiyo kazi zigawiwe kwa nafasi zilizopo usiku, si kwa majina wala vyeo, na kila nafasi iwe na wa kuikaimu.

Kazi ya kwanza ni kupiga king'ora, na inapaswa kuwa ya yeyote aliyeona moshi. Hili linakwenda kinyume na nidhamu ya shule zetu, ambako mwanafunzi humwambia kiranja, kiranja humwambia matroni, naye matroni huenda kuhakikisha. Mnyororo huo unatumia muda wote uliopo. Wanaoutetea wanaogopa kengele za uongo, na hofu hiyo ina msingi, lakini kengele ya uongo kwa kawaida hupoteza usingizi tu. Shule nyingi hutumia rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na haina ubaya kwa kuwa haitegemei umeme. Inachohitaji ni mlio wake wa moto usiofanana na wa vipindi, yaani kugongwa mfululizo bila kupumzika, na iwe karibu na mabweni.

Matroni anakimbilia mlango wa nje wa bweni, anahakikisha umefunguka, anasimama kando yake na taa ya tochi na kuita kwa sauti. Haingii ndani kutafuta mtu. Sauti na mwanga wake mlangoni huwaelekeza wengi kuliko atakavyoweza kuwabeba. Ndani, kiranja mmoja kwa bweni zima hatoshi. Kila safu ya vitanda iwe na msimamizi wake, na wawili wa deka moja wawe na wajibu wa kuamshana, wa chini akimvuta wa juu ambaye moshi umemfikia kwanza. Mwanafunzi mwenye ulemavu alale kitanda cha chini karibu na mlango, akiwa na wenzake wawili waliotajwa kwake. Moto wa shule ya wasioona ya Salama, Mukono nchini Uganda, Oktoba 2022, uliua watu 11, na ni kumbukumbu ya kutosha kwamba jambo hili haliachwi litatuliwe usiku ule.

Mlinzi ana kazi mbili zinazovutana. Afungue geti kwa ajili ya gari la zimamoto, na asiruhusu mtoto kutoka. Kwa kawaida yeye pia ndiye hukata umeme kwenye swichi kuu, na hapa pana mvutano mwingine: kukata mapema huzuia nyaya kuendeleza moto, lakini huwatia giza walio ndani. Kwa bweni lenye taa za umeme pekee, umeme ukatwe baada ya mlango kuacha kutoa watu, isipokuwa nyaya zenyewe ndizo zinazowaka. Taa mbili ndogo za sola juu ya milango zinaondoa mvutano huo kabisa, na ni ununuzi unaostahili kutangulia vizimamoto.

Kuhusu vizimamoto, tofauti za maoni ni kubwa. Wapo wanaoamini kila bweni likiwa na mitungi ya kutosha moto utazimwa. Mtungi wa poda wa kilo 9 unatoa poda kwa muda usiofika nusu dakika, na unaweza kuzima godoro moja linaloanza kuwaka. Magodoro mawili yakishashika, mtu mwenye mtungi anakuwa amesimama kwenye moshi bila kinga. Kwa hiyo mtungi uwekwe karibu na mlango, utumiwe na mtu mzima aliyefundishwa, mlango ukiwa nyuma yake, na king'ora kikiwa kimeshapigwa. Wanafunzi wasipewe kazi ya kuzima moto. Shule zinazowapanga wavulana wakubwa na ndoo za mchanga zinawachelewesha wale ambao wangesaidia safu zao kutoka.

Mahali pa kukusanyika na hesabu

Endarasha ilionyesha wazi jinsi hesabu inavyoweza kuharibika. Siku moja baada ya moto, viongozi wa serikali walitangaza kwamba watoto 70 hawajulikani walipo. Wengi wao walikuwa hai: baadhi wamechukuliwa na wazazi wao alfajiri, baadhi wamehifadhiwa na wanakijiji wa jirani. Familia zilisubiri kwa siku kadhaa bila kujua kama mtoto wao yuko kwenye majivu au kwenye nyumba ya mtu. Kwa waokoaji, hesabu mbovu ina madhara mengine: humfanya mtu arudi ndani kumtafuta mtoto aliyekwisha kutoka, au huwafanya waondoke wakiacha aliyebaki.

Mahali pa kukusanyika pachaguliwe kwa kutembea usiku. Pawe umbali wa takriban mita 50 kutoka jengo lolote, pasiwe njia ya gari la zimamoto, pasiwe chini ya nyaya, na pasihitaji kupita mbele ya bweni jingine. Uwanja wa mpira unafaa katika shule nyingi. Kasoro yake ni giza na ukubwa: watoto 600 wakitawanyika uwanjani gizani hawahesabiki. Kwa hiyo kila bweni liwe na nguzo yake iliyopakwa chokaa na kuandikwa jina, na ndani ya bweni kila safu ikae chini kwa mstari wake. Kukaa chini kunazuia kuhamahama kutafuta ndugu na marafiki, jambo linaloharibu hesabu kuliko yote. Kwa kuwa upepo unaweza kuupeleka moshi uwanjani, pawepo mahali pa pili upande wa pili wa shule, na mwalimu wa zamu ndiye aamue.

Rejesta ya darasa haifai kwa hesabu ya usiku. Haionyeshi aliyepewa ruhusa jana, aliye zahanati, wala aliyehamia kitanda cha rafiki. Kinachohitajika ni orodha ya vitanda, inayojazwa kila jioni na msimamizi wa safu: kitanda namba fulani, juu na chini, yupo au hayupo na yuko wapi. Karatasi hiyo isikae bwenini, kwa sababu itaungua pamoja na bweni. Ikae kwa mlinzi getini, nakala kwa mwalimu wa zamu. Kila msimamizi wa safu anahesabu watu kumi au kumi na wawili anaowafahamu kwa sura, anaripoti kwa matroni, naye anaripoti kwa mwalimu wa zamu. Anayekosekana atajwe kwa jina na kitanda, ili waokoaji wajue waanzie wapi.

Wazazi watafika kabla ya hesabu kwisha, na watataka watoto wao. Kuwazuia kwa nguvu ni kuzua vurugu. Kuwaachia wachukue ni kurudia Endarasha. Linalowezekana ni meza moja getini, daftari moja na mtu mmoja: jina la mtoto, jina la anayemchukua, simu, saa, sahihi. Mtoto asiyeandikwa asivuke geti.

Mazoezi

Hapa wataalamu wenyewe wanatofautiana. Upande mmoja unasema zoezi la kushtukiza ndilo pekee linalopima ukweli, kwa kuwa moto hautoi taarifa. Upande wa pili unaonya kwamba kuwashtua mamia ya watoto gizani kunaweza kuumiza kabla ya kufundisha. Februari 2020, katika shule moja ya msingi mjini Kakamega, watoto 14 walikufa wakikanyagana kwenye ngazi wakati wa kutoka jioni, na hapakuwa na moto wowote. Yeyote anayefikiria kugonga kengele ya kushtukiza usiku kwenye bweni la ghorofa alikumbuke tukio hilo.

Hoja zote mbili ni za kweli kwa hatua tofauti. Zoezi la kwanza la muhula lifanyike mchana, limetangazwa, kwa kutembea. Kila mmoja atoke kitandani kwake hadi kwenye nguzo yake na ajue njia zote mbili. La pili lifanyike jioni giza likishaingia, taa zikiwa zimezimwa. La tatu liwe usiku, wiki ikiwa imetangazwa lakini siku haikutajwa. Kushtukiza kabisa kuje baadaye, na kusije kamwe kwenye shule ambayo haijapita hatua hizo. Wiki mbili za mwanzo wa muhula ndizo muhimu, kwa kuwa wageni wamefika na vitanda vimebadilishwa.

Zoezi linalopita salama kila mara halifundishi kitu. Njia bora ya kulikaza ni kumsimamisha mwalimu kwenye mlango mmoja akiwa na kitambaa chekundu kuonyesha kwamba moto uko pale, bila kumwambia mtu mapema. Hapo utaona wasichana wanasimama na kusubiri maelekezo badala ya kugeuka, kwa sababu mguu umezoea mlango wa kila siku. Njia nyingine ni kumficha mtu mmoja, kwa makubaliano na matroni, kuona kama hesabu itamtaja. Hesabu ya kwanza inaweza kutoka kamili hata kama mtu hayupo, ikiwa msimamizi amehesabu vichwa bila kuangalia orodha.

Yapimwe mambo mawili kwa saa: muda kutoka mlio wa kwanza hadi mtu wa mwisho kuvuka mlango, na muda hadi hesabu sahihi imfikie mwalimu wa zamu. Kwa bweni la mfano wetu, lengo linalofaa ni dakika mbili kwa la kwanza na dakika tano kwa la pili. Yaandikwe kwenye daftari pamoja na kilichokwama: komeo lenye kutu, tranka lililosahaulika, msichana asiyesikia kengele. Daftari hilo ndilo mzazi anaweza kuomba kuliona, na ndilo mkaguzi anapaswa kulidai kabla ya kuuliza idadi ya vizimamoto.

Kufunga mabweni au kuyarekebisha

Baada ya Endarasha, serikali ya Kenya ilifunga sehemu za bweni za shule za msingi zaidi ya 300 zilizokutwa hazikidhi viwango. Wanaounga mkono wanasema mtoto wa miaka 10 hana sababu ya kulala mbali na wazazi, na kwa watoto wadogo hoja hiyo ina nguvu: huamka kwa shida zaidi na huelekea kujificha chini ya kitanda badala ya kukimbia. Wanaopinga kufunga mabweni kwa jumla wanataja watoto wa wafugaji, yatima, na wasichana wa sekondari ambao wakitolewa bwenini hutembea kilomita nyingi au hupanga vyumba mitaani, na vyumba hivyo havina matroni, wala mlinzi, wala mlango wa pili. Kwa wasichana hao kufunga bweni kunahamishia hatari mahali ambapo hakuna anayeihesabu.

Msimamo wa uchambuzi huu ni kwamba bweni la watoto wadogo lisilo na njia mbili za kutokea lifungwe leo, na la sekondari lipewe muhula mmoja, kazi zikifuata mpangilio wa uhai unaookolewa kwa kila shilingi. Kuondoa magodoro mbele ya mlango wa pili, kukata pete za kufuli, kuweka makomeo ya ndani, kusukuma matranka na kuandika orodha ya vitanda ni kazi za wiki moja kwa seremala mmoja na matroni mmoja. Kugeuza bawaba, kutengeneza fremu za madirisha na taa za sola ni kazi za likizo moja. Kupanua milango na kupunguza vitanda ndiko kunakodai bajeti na ujasiri wa kuwakatalia wazazi nafasi, na ndiko bodi za shule zinakopaswa kubanwa, kwa sababu hapo matroni hana la kufanya.